Dakika Mbili Mbele ya Kamera: Nilivyojifunza Kuomba kwa Kutaja Kiasi

Mwaka wa kwanza niliomba ufadhili wa masomo nikakosa. Habari ilinifikia kwa barua pepe nikiwa kwenye basi, natoka zamu ya usiku. Niliandika palepale kuuliza nilipokosea, wala sikutegemea kujibiwa. Baada ya wiki moja nikapata jibu la sentensi mbili. Ya kwanza ilisema fomu yangu ilijazwa vizuri. Ya pili ilisema kwamba kamati ilipomaliza kuitazama video yangu, haikujua ninataka ifanye nini.

Sentensi hiyo iliniuma, kwa sababu video ile niliihangaikia wiki tatu. Leo nataka kuwasimulia wasomaji jinsi nilivyoitengeneza upya mwaka uliofuata. Najua wengi wenu, au watoto wenu, mtakutana na sharti hilihili: jirekodi ukizungumza kwa dakika mbili, ueleze wewe ni nani, unataka kufika wapi, na unaomba nini.

Kwanza hali yangu. Nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga. Stashahada ya uuguzi niliisomea nyumbani kwa miaka mitatu, nikafanya kazi katika hospitali ya wilaya, kisha nikaja Uingereza na kupita mitihani ya usajili. Hapa shahada ya kwanza huwa na krediti 360. Chuo nilichokiendea kilikubali stashahada yangu kuwa sawa na krediti 240, nikabakiwa na 120. Ada ya hizo 120, kwa kusoma huku nafanya kazi kwa miaka miwili, ilikuwa pauni 7,200. Kwa aina ya viza niliyokuwa nayo, mkopo wa serikali wa wanafunzi haukunihusu. Nilikuwa na akiba ya pauni 3,000 na mama wa kumtumia fedha kila mwezi.

Video iliyoshindwa

Ile ya kwanza ilikuwa na maneno 410 ya Kiingereza. Niliyaingiza yote ndani ya dakika mbili kwa kukimbia kama mtangazaji wa mpira. Zaidi ya dakika moja na nusu nilimzungumzia mama: alivyofiwa na mume mapema, alivyoamka saa kumi za usiku kukaanga vitumbua, alivyouza kanga zake ili nilipe ada ya chuo. Malengo yangu yalikuwa sentensi moja, kwamba napenda kuendeleza taaluma na kuisaidia jamii. Nikamaliza kwa kusema kwamba msaada wowote watakaonipatia nitaushukuru sana.

Nilipokosa, nilimpigia mama na kumsomea maneno yale kwa Kiswahili. Nilidhani atanipa pole. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliuza vitumbua, sikumwomba mtu. Hiyo uliyowapelekea ni habari yangu. Yako iko wapi?"

Nikamwambia, "Mama, wanataka kujua tulikotoka."

"Wamekuuliza wewe. Na hapo mwisho, 'msaada wowote' ndiyo nini? Kwenye kikao cha harusi ya kaka yako, mweka hazina alisimama akasema msaada wowote?"

Nilicheka, lakini hapo ndipo nilipopata ufunguo. Kila mmoja wetu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi anajua mweka hazina anavyosema. Anataja bajeti nzima. Anataja kilichokwisha kupatikana. Anataja kilichopungua na tarehe kinapohitajika. Hakuna anayemwona ombaomba, kwa sababu ameleta hesabu na watu wanajua wanachangia kitu gani. Mimi, niliyekulia kwenye vikao hivyo, nilipokaa mbele ya kamera niliona haya kutaja pesa. Nikaacha kutaja kiasi nikidhani hiyo ndiyo adabu, kumbe nimewaachia wengine kazi ya kukisia.

Kisa kimoja, kiwe chako

Mara ya pili nilianza kwa kutafuta kisa changu mwenyewe. Nilijiwekea sharti kwamba kiwe tukio moja, la siku moja, ambalo mimi nilikuwepo na nililifanyia jambo au nilishindwa kulifanyia jambo. Maisha mazima hayaenei katika sekunde 40, ila tukio moja linaenea.

Nikakumbuka siku moja nikiwa hospitali ya wilaya. Alikuja mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda chini ya mguu. Nilipomvua kiatu nilikuta kokoto ndani yake. Alikuwa ameikanyaga siku mbili bila kujua, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeua hisia za unyayo. Kifaa cha kupimia hisia hizo ni kidogo sana, uzi wa nailoni kwenye mpini, unaopinda ukiusukuma kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa akishindwa kuusikia unapomgusa, unajua mguu huo uko hatarini hata kama hauna kidonda. Sikuwa nao, na wala sikuwa nimefundishwa kuutumia. Mguu ule baadaye ulikatwa.

Wauguzi wenzangu watajiuliza kuhusu siri ya mgonjwa. Sikutaja jina, jinsia, umri, kijiji wala mwaka, na nilibakiza tu yale niliyoyaona na yale niliyoyakosa mimi. Kwa sababu hiyohiyo sikujirekodi wodini wala nikiwa na sare. Nyuma yako kunaweza kuwa na ubao wenye majina ya wagonjwa, na kutumia sare ya mwajiri kwenye jambo lako binafsi kunahitaji ruhusa yake. Kwa video ya dakika mbili sikuona sababu ya kuyaingia hayo.

Mama naye nilimtaja, ila kwa nusu sentensi tu: kwamba stashahada yangu ililipiwa na mama muuza vitumbua. Nilimwomba ruhusa kwanza, akakubali.

Malengo yanayoonekana

Kwenye malengo nilijikagua kwa swali moja: mtu akinisikia leo, baada ya miaka mitatu ataweza kukagua kama nimefanya? "Kuisaidia jamii" hakukaguliki. Nikaandika mambo mawili tu. La kwanza, nikimaliza shahada niombe nafasi katika kliniki ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, nafasi ambayo tangazo lake hospitalini kwetu lilitaka shahada. La pili, kila nikienda likizo nyumbani, nitumie siku mbili kuwafundisha wauguzi wa wilaya kupima miguu kwa ule uzi. Sikuahidi kujenga hospitali. Kamati inajua mshahara wa muuguzi, na ahadi kubwa kuliko mfuko wako huyatia shaka hata yale ya kweli uliyoyasema kabla yake.

Mnaona malengo haya yametokana na kisa kilekile. Kokoto ya sekunde ya 20 ndiyo inayoeleza kliniki ya sekunde ya 60. Mtazamaji hahitaji kuunganishiwa.

Ombi lenyewe

Hapa nilimwiga mweka hazina wa harusi. Niliandika kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu kwa Kiingereza kalamu ilikuwa inakimbilia tena kwenye "msaada wowote". Maneno yalikuwa haya:

"Ada yote ni pauni 7,200 kwa miaka miwili. Nina pauni 3,000 za akiba yangu. Mwajiri amenikubalia siku 12 za masomo kila mwaka bila kukatwa mshahara. Ninawaomba pauni 4,200 zilizobaki, zilipwe moja kwa moja chuoni, nianze Septemba. Nisipopata mwaka huu, nitaendelea kuweka akiba na kuanza baada ya miaka mitatu."

Kila sentensi hapo ina kazi. Jumla inaonyesha kwamba umeuliza chuoni na hubahatishi. Akiba inaonyesha kwamba hukuja mikono mitupu. Siku za mwajiri zinajibu swali ambalo kamati italiuliza tu, yaani utasoma saa ngapi. Kiasi kilichopungua ndicho ombi. Sentensi ya mwisho inaeleza tofauti ambayo fedha yao italeta, na inaieleza bila kulia, kwani haisemi kwamba bila wao nimekwisha. Inasema watanipunguzia miaka mitatu.

Kabla ya kuandika kiasi, soma mfuko unaouomba unalipia nini. Kuna mifuko inayolipa ada tu, haitoi nauli wala kodi ya nyumba, na ukiomba kompyuta utakuwa umewaomba wasichokuwa nacho. Mingine hutoa kiasi kimoja kwa kila mshindi, na hapo huna haja ya kubishana na kiasi. Utasema nafasi hiyo italipia sehemu gani ya safari yako na iliyobaki utaitoa wapi. Pia hesabu za kwenye video ziwe zilezile za kwenye fomu. Kama fomu inasema 4,000 na mdomo unasema 4,200, msomaji atashughulika na tofauti hiyo na kukusahau wewe.

Kupima maneno

Nilijisomea kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu, nikagundua kwamba nikisema Kiingereza kwa utulivu natoa kama maneno 130 kwa dakika. Kwa hiyo dakika mbili ni 260 hivi. Nilikata mpaka 245, ambayo ni kama dakika 1 na sekunde 53. Sekunde zilizobaki ni za kuvuta pumzi, na ni kinga pia, kwani kuna mifumo inayokataa video iliyozidi hata kwa sekunde moja, na mingine hukata mkia. Na mkiani ndiko ombi liliko.

Mgawanyo wangu ulikuwa hivi: sekunde 15 za kwanza jina, kazi, na jambo ninaloomba kwa sentensi moja, sekunde 40 kisa, sekunde 30 malengo, sekunde 25 ombi na hesabu zake, na zilizobaki kushukuru. Ombi hutajwa mara mbili, kwa ufupi mwanzoni na kwa hesabu mwishoni. Kwetu tumezoea kuzunguka kwanza, tuulizane hali, tufike kwenye shida tukiwa mlangoni tunaaga. Kamati inayotazama video nyingi kwa siku moja ikijua mapema unaomba nini, husikiliza kisa chako ikiwa na sababu ya kukisikiliza.

Siku ya kurekodi

Vifaa vilikuwa simu yangu na meza ya kulia. Niliisimamisha simu kwa upana juu ya vitabu, lenzi ikiwa sawa na macho yangu. Lenzi ikikaa chini, utaonekana kama unamtazama mtu kwa dharau. Nilikaa nikilielekea dirisha. Mwaka wa kwanza dirisha lilikuwa nyuma yangu, na uso ulitoka mweusi kama kivuli, jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kuliangalia zaidi, maana simu huupima mwanga wa dirisha na kuusahau uso.

Kosa jingine la mwaka wa kwanza lilikuwa kusoma karatasi. Usidhani halionekani. Macho yanakwenda kushoto na kulia kama ya mtu anayesoma, na sauti inakuwa ya darasani. Safari hii nilizifahamu sehemu zote, nikabandika chini ya lenzi kikaratasi chenye maneno manne tu: kokoto, kliniki, 4,200, asante. Nilifunika pia picha yangu mwenyewe kwenye skrini, kwa sababu nilikuwa najitazama badala ya kuitazama lenzi.

Kuhusu sauti, nilizima friji kwa nusu saa, nikafunga mapazia, na kukaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye simu. Mume wangu aliwatoa watoto kwenda bustanini. Lafudhi yangu sikuibadilisha, ila niliongeza utulivu kwenye namba. Muuguzi anajua hatari ya namba iliyosikika vibaya. Kwa Kiingereza kumi na tano na hamsini zinafanana sana masikioni, na ndiyo maana kwenye dawa tunarudiana tarakimu. Kwa hiyo kila nilipofika kwenye kiasi nilisimama kidogo, nikakitaja, nikasimama tena.

Nilirekodi mara sita. Ya kwanza hadi ya tatu nilikuwa mkavu. Ya nne ilikuwa na kosa moja dogo la sarufi lakini nilionekana kama mtu anayezungumza na mtu. Ya tano na ya sita hazikuwa na kosa, wala hazikuwa na uhai. Nilichagua ya nne.

Jaribio kabla ya kutuma

Kabla ya kuituma niliipeleka kazini, nikamwomba mwenzangu wa wodini, dada anayetoka Kerala, aitazame mara moja wakati wa chai. Sikumweleza chochote. Ilipokwisha nikamuuliza mambo matatu: mimi ni nani, nataka kufanya nini, na naomba kiasi gani?

Mawili ya kwanza alijibu vizuri, hata kokoto aliikumbuka. La tatu akasema, "Elfu saba?"

Nikajua tatizo liko wapi. Nilikuwa nimetaja 7,200 kwa nguvu, nikaipitisha 4,200 harakaharaka, kwa sababu haya ilikuwa bado imenikaa kooni. Nilirudi nyumbani, nikarekodi upya, na safari hii niliitaja ada bila mkazo, nikatua kwenye kiasi ninachoomba. Siku ya pili nilimwonyesha mwuguzi mwingine ambaye hakuwahi kuiona. Akajibu yote matatu. Jaribio hili halina gharama, na linamhitaji mtu asiyejua habari zako. Mume, mama na shoga wanajua tayari, hawafai.

Hatua ya mwisho ni kutuma. Mfuko ule ulitaka kiungo cha YouTube. Hapo kwenye mipangilio kuna `Private`, `Unlisted` na `Public`. Ukichagua `Private`, wenye kiungo hawataiona mpaka uwaruhusu mmoja mmoja, na mtu wa kamati hatakutafuta ili umfungulie. `Unlisted` humwezesha kila mwenye kiungo kuiona, bila video kujitokeza kwenye utafutaji. Nilijituma kiungo, nikakifungua kwenye simu ya jirani, ambayo haikuwa na akaunti yangu. Kilifunguka. Nikatuma siku nne kabla ya mwisho.

Jibu

Baada ya wiki saba walinipigia simu. Mama mmoja wa kamati alisema wana pauni 3,000, hawana 4,200. Je, zile 1,200 nitazipata wapi? Kwa kuwa hesabu nilikuwa nayo kichwani, nilimjibu palepale kwamba chuo kinapokea malipo kwa awamu, nami naweza kuweka pauni 50 kila mwezi kwa miezi 24. Alisema, "Basi tumeelewana." Fedha zililipwa chuoni, na Septemba nikaanza.

Sidai kwamba video ndiyo iliyonipa ufadhili peke yake. Bila sifa zinazotakiwa na fomu iliyojaa, isingenifikisha popote, na huenda mwaka ule waombaji walikuwa wachache. Ninachojua ni kwamba mwaka wa kwanza walinisikiliza dakika mbili wasijue nataka nini, na mwaka wa pili walinipigia simu kuzungumza juu ya kiasi.

Jioni ile nilimpigia mama. Nilimweleza bajeti, kilichopatikana na kilichopungua. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo kikao kimefungwa?"

Nikamwambia ndiyo mama, kimefungwa.